Makopo Mawili ya Nashilu

Zulfa alimjua Nashilu kwa kicheko kabla hajaiona sura yake. Kila Ijumaa kilipopasuka pale dukani kwao, Zulfa, aliyekuwa stoo akipanga mafuta na sabuni, alijua mpishi wa kambi ya watalii ya juu Ngorongoro ameshuka Karatu kununua vitu, na kwamba mumewe Sadiki sasa hana haraka na mteja mwingine yeyote. Wawili hao waliinamia makopo, wakiyageuza geuza, Sadiki akionyesha kitu kwa kidole. Mwanamke mwenye shanga shingoni na mume wa mtu. Roho ilimuuma Zulfa mpaka chakula kikakosa ladha.

Ijumaa moja Nashilu aliwahi, Sadiki akiwa bado msikitini.

"Shikamoo dada Zulfa. Kaka Sadiki hayupo?"

"Marahaba. Unamtaka yeye au unataka bidhaa?"

Nashilu akacheka kidogo, kicheko kilekile, kisha akafungua simu. Bosi wake alikuwa amemtumia namna ya kupika supu ya wageni wa usiku huo. Bosi mwenyewe angekaa mezani nao, na alikwisha sema kwamba ikiharibika ataleta mpishi kutoka Arusha. Supu ilitaka maharage meupe ya kopo, yaliyochujwa, kilo moja na gramu mia mbili, na nyanya za kopo gramu mia nane pamoja na maji yake. Maharage makavu hayakufaa. Kule juu kwenye baridi yanakaa jikoni tangu mchana na bado yanagonga meno.

Nashilu akachukua kopo la maharage akasoma namba kubwa. "Mia nne. Matatu ni kilo na mia mbili. Yanatosha, eti?"

Zulfa alijua hayatoshi. Mia nne ile ni ya maharage na maji yake humo ndani. Chini yake, kwa maandishi madogo ya kukodolea macho, kila kopo lilisema uzito wa maharage peke yake maji yakishamwagwa: mia mbili na arobaini. Yalitakiwa matano. Nyanya ndizo za kusomewa namba kubwa, kwa kuwa zinamiminwa zote na maji yake, kwa hiyo makopo mawili ya mia nne aliyochukua yalikuwa sawa.

"Hesabu ni yako, mdogo wangu," alisema, akafunga mfuko.

Gari la kambi lilipoondoka alijisikia vizuri sana. Akajimiminia chai. Akilini alimwona Nashilu akichungulia sufuria yenye supu ya maji matupu, bosi akikunja uso, na Ijumaa inayofuata duka likiwa kimya. Chai ilikuwa tamu.

Sadiki aliporudi alitazama rafu ya maharage. "Nashilu amepita? Amechukua mangapi?"

"Matatu. Alitaka kilo na mia mbili, ya kuchujwa."

"Ya kuchujwa, matatu? Hayamtoshi huyu." Akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie. Asipopatikana nimfuate mwenyewe, pale geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, magari yanasubiri vibali."

Kumbe namba yake anayo. Na angepanda pikipiki, angemkuta getini, angeshukuriwa kwa kicheko kile. Zulfa akavuta makopo mawili ya maharage kwenye rafu, akajifunga mtandio vizuri.

"Kaa na duka. Nakwenda mimi."

Bodaboda ilimpandisha kilima huku upepo ukimpiga machoni. Hakuwa amemhurumia mtu, na hakujidanganya kwamba amemhurumia. Gari la kambi lilikuwa bado kwenye foleni. Nashilu akashuka akishangaa.

"Shika. Maharage chuja, usome ile namba ndogo. Nyanya usichuje, mimina yote."

Nashilu akalitazama kopo, akaisoma namba ndogo. "Ningeumbuka leo. Kila Ijumaa namuuliza kaka Sadiki habari za makopo, mengine anabahatisha, tunacheka. Mwisho husema, muulize mke wangu, mimi mwenyewe kanifundisha yeye. Nami nashindwa. Ukiniona tu unanuna."

Zulfa akajifunga upya mtandio uliovurugwa na upepo.

"Pale dukani ulikuwa unajua, dada?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuonea wivu."

Nashilu hakucheka. Aliyaweka makopo garini, taratibu, pamoja na mengine. Dereva akaita, vibali vimetoka.

"Basi Ijumaa nikija," alisema akishika mlango, "nikuulize wewe?"

"Niulize mimi," alisema Zulfa. Gari likaanza kuondoka, naye akalifuata hatua chache, mkono dirishani. "Yeye usimuulize. Na namba yake ifute."