Rangi ya Simu

Wifi yangu hana simile. Akisema kitu ni cheupe, hata umpigie magoti hakigeuki kijivu. Nyumbani tunamwita Chuma. Mama mkwe hulalamika kwamba mdomo wa bintiye ndio uliomfukuzisha kazi ya benki, kisha hucheka kwa fahari, kwa sababu mdomo huo kaurithi kwake.

Kazi ya sasa tuko ofisi moja, inayoandaa mbio za kuchangia wodi ya watoto njiti. Mimi na kina mama wengine wawili tunapokea simu. Mtu akipiga, tunamsajili. Chuma alitengeneza dashibodi, yaani ripoti ya michoro, inayotumwa kwa waandaaji na wafadhili kila Jumatatu. Kila siku ya wiki ina nguzo yake, na nguzo ina rangi za njia watu walizotumia kujisajili: kijani ni tovuti, buluu ni meza za sokoni, chungwa ni simu. Pembeni kuna mstari wa jumla unaofukuzana na mstari wa lengo. Ukitupa jicho tu, unajua kama mnafika au mnachechemea. Tulikuwa tunachechemea.

Ripoti ya Jumatatu ya kwanza ilipotoka, rangi ya chungwa haikuwepo kabisa. Mwenyekiti wa waandaaji akaja mezani kwetu na karatasi mkononi.

"Simu haileti mtu hata mmoja," alisema. "Wiki ijayo tunafunga dawati hili. Fedha iende kwenye matangazo ya tovuti."

Kazi yangu hiyo! Ndiyo inayomsomesha binti yangu! Nilitoka pale nimewaka, moja kwa moja hadi jikoni kwa mama mkwe, nikamkuta Chuma anamenya vitunguu.

"We mwanamke, una roho gani?" nikamvaa. "Sikio langu limevimba kwa simu, halafu unaniwekea sifuri?"

"Nimeweka kilichomo. Mkimsajili mtu, mnamwandika wapi?"

"Kwenye tovuti, ukurasa uleule wa watu wote. Kwani tulipewa mwingine?"

Kisu kikasimama. "Loo! Mfumo unaandika 'tovuti' kwa kila anayepitia ukurasa ule. Watu wenu wote nimewapaka kijani." Akanitazama. "Mnaingia kwa akaunti zenu?"

"Kila mmoja na yake."

"Basi wapo. Aliyejisajili mwenyewe hana akaunti ya mfanyakazi kwenye rekodi yake. Wenu wanayo. Nitawatenganisha."

Hakuniomba radhi. Alifuta mikono, akafungua kompyuta juu ya maganda ya vitunguu.

Kesho yake alimwendea mwenyekiti, akamwambia kosa ni lake na limesharekebishwa. Mwenyekiti hakutaka kusikia. Ripoti imeshawafikia wafadhili, alisema, tukiibadilisha tutaonekana wababaishaji. "Usiiguse. Na unamtetea wifi yako, unadhani sijui?"

"Huyu? Angekuwa adui yangu, hesabu ingekuwa hiihii. Na siku nyingine kweli ni adui yangu."

Kikao cha wafadhili kilipofika, mwenyekiti alimwita aonyeshe ripoti ya Jumatatu. Chuma akaimulika ukutani ile aliyorekebisha. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Iliyowafikia ilikuwa na kosa, na kosa ni langu," alisema bila kupepesa macho. "Jumla haijabadilika hata kwa mtu mmoja, na bado tuko chini ya lengo. Kilichobadilika ni rangi."

Chungwa ilikuwa zaidi ya nusu ya ukuta!

"Tazameni Jumapili," akaendelea. Nguzo ile ilikuwa kijisiki cha kijani na kipande cha buluu. "Ndiyo siku pekee dawati la simu halifanyi kazi. Mkilifunga, kila siku itakuwa Jumapili."

Mfadhili mmoja, mama mwenye miwani, akamgeukia mwenyekiti. "Kumbe hawa wa simu ndio mnaotaka kuwafukuza?"

Dawati litabaki, alisema mwenyekiti. Lakini wageni walipotoka tu, akamgeukia Chuma, sauti imekauka.

"Umenidhalilisha. Mkataba wako unaisha mwezi huu, na sitauongeza. Kuanzia leo jina lako linatoka kwenye ripoti."

Nikafungua mdomo nimtolee uvivu. Chuma akaninyooshea kidole ninyamaze, huku anachomoa waya wa kompyuta yake ukutani taratibu.

"Jina toa," akamwambia. "Rangi usiguse."

Akapita mbele yangu bila kusimama. "Na wewe wifi, rudi kazini," alisema. "Simu zinalia."