Salamu Zilizomaliza Bando la Somo

Siku ya zile picha tulikuwa wanne chumbani kwangu, hapa Olasiti. Nilikuwepo mimi, nimelala kitandani mchana kweupe ingawa siumwi. Alikuwepo mke wa mwanangu wa pili, ambaye ni mwalimu wa uuguzi chuoni. Alikuwepo mwanangu mwenyewe, mume wake, ameshika simu ya kupigia picha. Na alikuwepo jirani yetu muuza vitenge, mama wa Kiislamu niliyeanza kuelewana naye tangu nilipohamia huku kutoka mlimani. Yeye alikuja kuchukua sufuria yake akakuta mambo, akaketi. Wa tano hakuwepo, ila habari yote ni yake: muuguzi wa zahanati moja kule Oldonyo Sambu, mwanafunzi wa mke wa mwanangu. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao, lakini nimeombwa nisiyaandike.

Wanafunzi hawa si watoto. Ni wauguzi wa cheti wanaotafuta stashahada, na wako kazini, kila mmoja kwenye zahanati yake. Ukiwaita wote mjini kukaa darasani, nani atachoma sindano huko? Kwa hiyo somo linawafuata kwenye simu, halafu kwa msimu wanaitwa chuoni na hospitalini kufanya mazoezi kwa mikono.

Mwanzoni mke wa mwanangu alifundisha kwa video ya moja kwa moja. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni: "Mnanisikia? Haloo? Mnanisikia?" Kipindi kizima ni hilo tu. Ukichungulia kwenye kioo unaona sura za watu zimeganda, mwingine mdomo wazi kama amekabwa na kande. Wa kule nyuma ya mlima hata kuganda hawakuganda, hawakuonekana kabisa.

Akasema basi, video naiacha. Alikaa na somo lake akaanza kulipunguza, kama mtu anayefungasha mzigo wa kubeba kichwani: hiki kinahitajika, hiki kibaki. Maelezo akayaandika maneno matupu, bila mapambo. Sauti yake akairekodi vipande vifupi vifupi, kila kipande jambo moja. Maswali akayatuma kwa meseji ya kawaida, ile inayofika hata kwenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, na wao wanajibu kwa namba na herufi tu. Na pale ambapo zamani angeweka video, akaweka picha chache zilizopunguzwa ukubwa, kila moja na maneno yake chini.

Somo la juma lile lilikuwa kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, asipate vidonda vya kulalia. Picha zilitaka mgonjwa.

"Wa zahanati hatuwapigi picha," mke wa mwanangu alisema. "Mgonjwa ana siri yake. Mama, utanisaidia?"

"Nitajifanya naumwa nini?"

"Huumwi chochote, mama. Wewe legea tu."

"Kulegea anaweza sana," jirani akadakia. "Mwambie ni wakati wa kuosha vyombo."

Nikalegea. Akanawa mikono mbele ya simu, akanieleza anachotaka kufanya kana kwamba sijui, akanikunja goti, akanivusha mkono kifuani, akanishika begani na kwenye nyonga, akanigeuza kwake taratibu. Hakuniburuta. Mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti, mwingine chini ya miguu ili visigino vining'inie visiguse godoro. Kila hatua mwanangu anapiga picha. Nilipoonyeshwa nikakuta sina kichwa.

"Mbona mmenikata shingo?"

"Uso hauonyeshwi, mama. Ndiyo heshima ya mgonjwa."

"Na hiyo kanga iliyochanika ndiyo imeonyeshwa?"

Picha zikaenda kwenye grupu la darasa. Wanafunzi walipojua kwamba yule asiye na kichwa ni mama mkwe wa madam, heshima ikawaka. Mmoja akatuma sauti: "Shikamoo bibi, pole na kazi." Kumbe huwezi kumwacha mwenzako aamkie peke yake. Wakaja wote, kila mtu na sauti yake, na mimi nikaomba simu nikamjibu kila mmoja marahaba yake na kumuuliza habari za nyumbani. Kesho yake wakaamka na picha za maua, za mishumaa, mistari ya Biblia, na Ijumaa ikawa ni misikiti inayomeremeta. Nilifurahi sana. Darasa lina adabu, nilisema.

Jumatatu yule wa Oldonyo Sambu akapiga simu. Mke wa mwanangu aliweka sauti kubwa kwa sababu alikuwa anamenya ndizi.

"Shikamoo madam. Madam, mimi somo la kugeuza sijalipata."

"Marahaba. Hujalipata vipi? Ni dogo lile, nimelipunguza mpaka basi."

"Nikiwasha data tu simu inaanza kuvuta yenyewe, madam. Inavuta salamu, inavuta maua, yanazunguka, yanazunguka. Likifika somo bando limekwisha. Nimenunua tena, ikawa vilevile. Na somo lenyewe liko juu huko, limefunikwa, sijui hata nisogeze mpaka wapi."

Mke wa mwanangu akaweka kisu chini. Mwisho wa kutuma zoezi la somo lile ulikuwa Ijumaa ya juma hilohilo. Mkuu wa idara alikuwa amesema, asiyetuma haendi hospitalini na wenzake, na asiyekwenda hospitalini anarudia mwaka. Huyu binti mwaka uliopita alikuwa ameahirisha kwa sababu ya kujifungua. Mganga wa zahanati yake alimwambia wazi: nimekuvumilia mara moja, nafasi ya masomo nitampa mwingine. Akianguka mara hii, stashahada ndiyo basi.

"Usilie," mke wa mwanangu akamwambia. "Funga data. Usiiwashe mpaka nikutumie meseji."

Alipokata akanigeukia. "Mama, salamu lazima zisimame."

"Zisimame? Watu waingie darasani kama ng'ombe wanaingia zizini?"

"Mama, salamu zinamla yule binti."

"Salamu haijawahi kumla mtu."

Tulibishana, sitaficha. Mimi niliona kama nimenyang'anywa kitu. Mke wa mwanangu hakupandisha sauti, ila hakurudi nyuma pia. Alisema salamu ya maandishi ni nyepesi kama unyoya, ya sauti ni kama debe la maji, na picha ya ua ni kama pipa, na binti yule analibeba pipa hilo kila asubuhi bila kunywa hata tone. Hapo jirani yetu, ambaye alikuwa anapima kitenge mlangoni, akasema, "Kwani shuleni walikuwa wanaamkia mmoja mmoja? Si kiongozi wa darasa anasimama, darasa zima linaamkia kwa mpigo?"

Tukakubaliana hivyo. Grupu likawa mawili. Moja la somo, limefungwa, anayeandika humo ni mwalimu peke yake. Jingine la mazungumzo, na humo kiongozi wa darasa anaamkia kwa niaba ya wote, kwa maandishi, mara moja kwa juma. Maua marufuku. Mimi niliwaandikia marahaba moja ya wote, mwanangu akanisaidia kubonyeza.

Kisha mke wa mwanangu akawaandikia wote kwa meseji ya kawaida jinsi ya kuizuia simu isivute picha na sauti yenyewe, ikuachie uchague. Huyu wa Oldonyo Sambu akamwongezea: asubuhi ukiwa njiani, pale kwenye mwinuko karibu na barabara ya lami ambapo mtandao unakaa, washa data, pakua somo tu, zima. Mengine utasoma nyumbani bila mtandao.

Jumanne mchana meseji ikaja: "Limefika lote madam. Namwona bibi." Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Zoezi lilikuwa afanye yeye mwenyewe, kwa mtu wa nyumbani aliyekubali, bila uso, picha chache kwa mpangilio, na sauti moja fupi akieleza kwa nini anafanya kila hatua. Akamlaza wifi yake. Alhamisi picha zikaanza kuingia, moja moja. Ya kwanza ikaja, ya pili ikaja, ya tatu ikakaa njiani mpaka chai yangu ikapoa. Ilipotimia ya mwisho nikasema, "Haya, amefaulu."

Mke wa mwanangu alikuwa ameikuza ile picha anaitazama. "Bado, mama. Visigino vimegusa godoro."

"Si mwache? Ametoka mbali huyo."

"Nikimwacha hapa, atamwacha hivyohivyo mgonjwa ambaye hajigeuzi."

Akamtumia meseji: mto wa miguuni umeusogeza juu mno, visigino viko chini, na hukusema unakagua ngozi wapi. Rudia hatua ya mwisho tu, picha moja na sauti moja. Usitume zote upya.

Nilidhani binti atakata tamaa. Jibu lilirudi hapohapo: "Sawa madam. Wifi anagoma, anasema amechoka kugeuzwa kama chapati. Nitambembeleza."

Ijumaa tulikaa na simu mezani kama tunasubiri mtu ashuke kwenye basi. Kabla ofisi hazijafungwa picha ikaingia. Visigino hewani. Ikafuata sauti, upepo mwingi, yuko palepale kwenye mwinuko: anaeleza anavyotazama kiunoni nyuma, kwenye nyonga, mabegani, visiginoni, kwamba kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo anagusa pia kama pana joto au ugumu, na pakishaanza kuumia hapasuguliwi.

Mkuu wa idara alipopigiwa hakufurahi. "Utaratibu wa zoezi ni video, mwalimu."

"Video kwake haifiki, mkuu. Kila hatua ninayo hapa, na sababu zake anazisema kwa kinywa chake. Akija hospitalini nitamsimamia mwenyewe kwa macho yangu, na asipoweza nitamrudisha."

Tukasikia karatasi zinafunuliwa. Kisha tukamsikia: "Mwandike. Lakini hilo la macho yako nitalikumbuka."

Hospitalini alikwenda na wenzake. Aliporudi kutoka kwenye zamu ya kwanza alipitia hapa Olasiti, mara ya kwanza kuniona nikiwa na kichwa, akaniamkia mlangoni kwa mdomo, nami nikamjibu bila haraka, na maswali yangu yote ya nyumbani nikayamaliza.

Nyinyi mliokuwa kwenye lile grupu, mkinisoma mkaona nimepindisha, labda picha iliyokwama haikuwa ya tatu, au wifi alisema andazi na si chapati, njooni mniambie. Nitafuta niandike upya. Ila tafadhali, aje mmoja kwa niaba ya wote.