Uso Uliotulia

Kuna mama wa Mashimoni, kule Kibera, aliyeniachia uso wake nikauchezea, na kwa siku tatu nikatembea nikijiona fundi. Sipendi kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kazi ililetwa na msimamizi wa kikundi kimoja cha Kibera, mwanamume wa sauti kubwa ambaye haingii mahali bila kulalamikia kiti. Wakati huo nilikuwa nahariri video kwenye chumba changu Kawangware 46, juu ya kinu cha kusaga unga, meza ikitetemeka mchana kutwa. Kikundi chake kilikuwa kimerekodi filamu fupi kuhusu maji. Ndani yake mama huyo, mmoja wa wauzaji wa maji kwenye kioski, anaeleza jinsi mwenye kioski anavyofunga bomba makusudi hadi watu waanze kusukumana kwa foleni, ndipo afungue na bei mpya. Mwenye kioski huyo ndiye pia mwenye nyumba anayoishi mama na watoto wake watatu. Mama akijulikana, kazi imeenda na nyumba imeenda, siku moja.

Mama alikuja mwenyewe kuniona, kanga mabegani, akakataa kukaa.

"Sitaki ile kitu ya ukungu wanawekanga watu kwa habari," aliniambia. "Hiyo ni ya washukiwa. Nichore kama katuni, nikae mtu. Lakini yule mzee wa kioski asinijue. Umeskia, dada?"

"Hatakujua, mama."

Nilijibu haraka hivyo, macho yangu kwa kompyuta. Sauti tulishapanga kumpa mtu mwingine aisome. Uso ndio uliobaki kwangu.

Nikaanza. Programu za kugeuza video kuwa mchoro si za ajabu kama watu wanavyodhani. Video ni picha nyingi zinazopita kwa kasi, na hii ilikuwa na ishirini na tano kila sekunde. Programu niliyokuwa nayo ilichukua kila picha peke yake, ikaimwagia chenga kama za televisheni isiyo na stesheni, kisha ikaanza kuzisafisha, ikibuni mchoro humo. Picha iliyofuata ilimwagiwa chenga nyingine, ikabuniwa upya. Haikukumbuka ilichora nini muda mfupi uliopita. Kwa hiyo mama alipata pua pana, mara nyembamba, mara shavu lina kivuli, mara halina. Maua ya kitambaa chake cha kichwa yaligeuka nyota, yakageuka madoa. Picha moja moja ilikuwa safi kabisa. Ukizikimbiza pamoja, uso mzima unachemka.

Msimamizi alitazama sekunde kumi tu.

"Ala! Hii nini? Madam, hii inawaka-waka kama taa za klabu. Nikionyesha wazee wa kanisa hii kitu watatapika."

"Ndivyo inavyofanya kazi. Kila picha inachorwa upya."

"Mimi sikukuuliza inafanyaje kazi. Wewe ni fundi ama si fundi?"

Hilo liliniingia. Mimi hasira zangu ziko karibu, na huyo mtu alijua pa kuzigusa. Nikamwambia arudi Ijumaa, na akirudi aje na adabu.

Kwanza nikatumia chenga zilezile kwa picha zote. Kuchemka kukapungua, lakini mistari ya brashi ikaganda kwenye kioo, mama akisogea nyuma yake kama mtu anayetazamwa kupitia dirisha chafu. Nikajaribu kufuata mwendo: kompyuta inapima kila sehemu ya picha imehamia wapi, kisha inaivuta rangi ya picha iliyopita hadi hapo. Ukuta wa mabati ulitulia vizuri sana. Lakini huyo mama haongei bila mikono, na kila mkono ulipopita mbele ya uso uliacha vidole vimepakwa shavuni. Nilitukana mashine, nikatukana kinu, nikamtukana na msimamizi ambaye hakuwepo.

Alhamisi nikafanya jambo rahisi. Kuna kipimo kinachoamua programu ibuni kiasi gani na ifuate video halisi kiasi gani. Kilikuwa sabini. Nikakishusha hadi thelathini. Ikawa chenga ni chache, kubuni ni kidogo, na kwa kuwa video halisi haichemki, mchoro nao ukatulia. Pua ikakaa pale pale. Maua yakabaki maua. Rangi ya mafuta juu yake, inang'aa. Jamani, nilipiga makofi peke yangu!

Nilijua ule utulivu ulitoka wapi. Ulitoka kwenye uso wake mwenyewe. Nilijua, na sikuufikiria, kwa sababu nilikuwa nikitazama kuchemka tu, si mtu. Nikampigia msimamizi simu aje aone.

"Sasa hapo!" alisema. "Hapo umefanya kazi."

"Anajulikana?" nilimuuliza.

"Huyo? Huyo ni katuni." Alikuwa amekutana na mama mara mbili maishani. Mimi mara moja. Hakuna aliyemzoea aliyeitwa kutazama, na hakuna kati yetu aliyewaza kumwita.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kanisa, mapazia yamefungwa. Mama hakuja, kwa busara. Mwenye kioski alikuja, akakaa mstari wa mbele kama mgeni rasmi. Mchoro ulipotokea na kuanza kurusha mikono, mwanamke nyuma yangu alicheka kwa furaha.

"Ai! Si huyu ni mama wa maji! Mwone hivyo anapinda mdomo!"

Ukumbi wote ukacheka na kupiga makofi. Hawakuwa na ubaya, walifurahi kumwona jirani yao amependeza. Mwenye kioski hakucheka. Alitazama hadi mwisho, akampa msimamizi mkono, akatoka.

Jumatatu asubuhi kioski kilikuwa na kufuli mpya. Mlango wa chumba cha mama nao pia, vyombo vikiwa nje.

Mama alikuja kwangu Jumanne. Msimamizi alikuwepo, na kabla mama hajafungua mdomo alininyooshea kidole: "Mimi si mtu wa kompyuta. Muulize huyu." Nikamwambia yeye ndiye aliyetaka utulivu, mnafiki mkubwa. Tukapigiana kelele hadi mwenye kinu akazima mashine ili asikie vizuri.

"Nyamazeni!" mama alisema. Akanigeukia. "Ile ya kwanza iko? Ile huyu alikataa?"

Ilikuwepo. Nikaifungua. Aliinama karibu na kioo, akatazama yule mwanamke anayechemka, pua zake zote, vitambaa vyake vyote. Hakupepesa.

"Huyu hata mimi simjui," alisema. "Huyu angenibebea haya maneno na nilale kwangu. Kwa nini ulimtoa?"

Nilimkasirikia. Nilikasirika kwa sababu aliuliza bila kupaza sauti, na kwa sababu msimamizi alikuwa ananitazama akingoja nimtaje tena. Nilikuwa na maneno mengi ya kazi, ya chenga na mwendo na kipimo. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Jibu lilikuwa kwamba niliitwa si fundi, nikataka kusifiwa, na nikasifiwa.

Sikumwambia. Nilisema, "Pole, mama," naye akachukua kanga yake akashuka ngazi.