Mama Mdogo na Nati ya Tatu

Ukisema umekaza nati, una hakika imekaza?

Usikimbilie kujibu. Kiwandani kwetu, tunakotengeneza maboksi, swali hilo lilikaribia kumtoa mtu kazini, na aliyelishika lisimponyoke ni mama yangu mdogo, mkalimani wa Kichina. Wafanyakazi humwita Mama Ikawaje. Ukimwambia umefanya kitu, lazima akuulize ikawaje. Ukisema umemkanya mwanao, atataka kujua alikoma au hakukoma. Dereva wa lori aliwahi kumwambia, "Mama, leo nimekula," kisha akajiongezea haraka, "na nimeshiba, usiniulize."

Watu hudhani ni udadisi. Mimi nilisoma Kichina chuoni, nikaajiriwa niwe msaidizi wake, kwa hiyo najua tabia hiyo ilikotoka. Sisi tuna kutazama na kuona, kusikiliza na kusikia, kutafuta na kupata. Mchina anaanza na kitendo kimoja, kisha anakibandika tokeo lake mgongoni. Zhǎo ni kutafuta. Zhǎodào ni kutafuta ukapata. Xiū ni kushughulika na kilichoharibika. Xiūhǎo ni kukishughulikia kikapona. Ukimwambia umefanya xiū tu, anaweza kukuuliza kwa utulivu kabisa kama kimepona. Sisi tukisema "nimetengeneza", mara nyingi tokeo tumelimeza ndani ya neno lenyewe, na tukitaka kulitoa nje tunaongeza "-ka-": nilivuta, ikakatika. Mama mdogo huliita hilo deni la mkalimani. Mwenye Kiswahili hakusema ikawaje, lakini mwenye Kichina anasubiri kuambiwa.

Siku hiyo boila ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Kabla haijazimwa, mvuke ulikuwa umetoka kwenye maungio ya bomba, ukalowesha rundo zima la maboksi yaliyokuwa tayari kwa safari. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu. Fundi wa boila, mzee mpole tuliyemwita Babu Spana, aliitwa ofisini kwa Injinia Mkuu, ambaye ni Mchina na Kiswahili chake hakivuki salamu. Afisa utumishi alikuwapo pia, na uso wake ulionyesha kwamba hukumu ameshaitoa moyoni.

Injinia aliuliza kuhusu nati nne za maungio yale, ambazo mzee alipaswa kuzikaza usiku. Mama mdogo akatafsiri. Babu Spana akajibu bila kuzunguka: "Ya kwanza, ya pili na ya nne nilizikaza. Ya tatu sikuikaza."

Macho yote yakamgeukia mama mdogo, naye hakutafsiri.

"Mama, si umemsikia?" afisa utumishi alisema. "Hakukaza. Amekiri mwenyewe. Tafsiri tumalize."

"Nimesikia nusu," mama mdogo alisema.

"Nusu ipi iliyobaki?"

"Ya mwisho wake."

Nilijua njia za kulitafsiri zilikuwa tatu. Méi nǐng: hakuizungusha hata kidogo. Méi nǐngjǐn: aliizungusha, lakini haikufikia kubana. Nǐng bu jǐn: ukiizungusha utakavyo, haibani. "Sikuikaza" yetu inazibeba zote tatu bila kulalamika. Na mimi nilimjua Babu Spana. Si mtu wa kuacha kazi. Nikamwinamia mama mdogo sikioni. "Sema nǐng bu jǐn. Utamwokoa."

"Ulikuwepo?" alininong'oneza.

"Hapana, lakini..."

"Basi kaa vizuri, mwanangu."

Akamwomba Injinia ruhusa ya kuuliza. Injinia akaitikia kwa kichwa. Mama mdogo akamgeukia mzee.

"Kaka, spana uliitia kwenye nati ile?"

"Niliitia, dada."

"Ukaizungusha?"

"Nikaizungusha."

"Ikawaje?"

Afisa utumishi akashusha pumzi ndefu. Babu Spana aliinua mkono, akashika spana isiyokuwepo, akaanza kuizungusha hewani. "Ikaenda. Ikaenda tena. Nikaona hii leo itanifikisha nyumbani kwa wajukuu. Haishiki, dada. Meno yamelika."

"Kisha ukafanya nini?"

"Nikaenda stoo kutafuta bolti na nati mpya."

"Ukapata?"

"Nipate wapi? Stoo imefungwa. Niliporudi, zamu ya asubuhi wameshawasha, na mvuke umeshatoka. Wao saa ikifika wanawasha, hawaulizi."

Sasa akatafsiri, taratibu, kila kitendo na mwisho wake. Nǐng bu jǐn. Zhǎo le, méi zhǎodào: alitafuta, hakupata. Injinia akaacha kuichezea kalamu yake. Kisha akauliza kama mzee alitundika kibao cha kukataza kuwasha.

"Sikutundika," Babu Spana alisema.

Nikaomba kimoyomoyo mama mdogo aiache ipite. Hakuiacha. "Ulijaribu kukitundika, kikaanguka? Au hukukigusa?"

Mzee akatazama sakafu. "Sikukigusa. Nilisahau."

Méi guà, mama mdogo alitafsiri. Hakutundika, basi. Hakuna tokeo la kubandika mahali ambapo hakuna aliyejaribu.

Injinia akafikiri kidogo, kisha akasema: kwa kibao, mzee ataandikiwa onyo. Kwa nati, kesho asubuhi yeye Injinia atakwenda kuizungusha mwenyewe. Ikibana, mzee aliiacha kwa uvivu, na kazi hana.

Tulipokuwa tukitoka getini nilishindwa kujizuia. "Mama mdogo, kwa nini uliuliza la kibao? Mzee yule ana wajukuu wanaomtegemea. Elimu ina maana gani kama haimtetei mnyonge?"

"Ninamtetea."

"Kwa kumtafutia onyo?"

"Ningelipaka asali la kibao, Injinia angeliamini lipi kati ya mengine? Leo amesikia nikitafsiri lililomuumiza mzee, kwa sauti ileile."

"Na nati ikibana kesho?"

"Ikibana, alinidanganya, nami nitalitafsiri hilo pia." Akaweka mkoba begani vizuri. "Lakini haitabana. Hukuuona mkono wake? Mtu anayesingizia huzungusha mara moja tu kisha anaanza kueleza. Yeye aliendelea kuzungusha."

Bado nilikuwa na hasira, ila nilianza kuona kwamba huyu mama wa miwani ya kamba anapigania haki kuliko mimi na kelele zangu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa chumba cha boila sote watano. Bomba lilikuwa limepoa. Injinia alivaa glovu, akatia spana kwenye nati ya tatu, akazungusha. Ikaenda. Akashika kichwa cha bolti kwa spana nyingine upande wa pili, akazungusha tena kwa nguvu zaidi. Ikaenda, kama kifuniko cha chupa kilichochakaa. Afisa utumishi alianza kuikagua saa yake.

"Nǐng bu jǐn," Injinia alisema, na sauti yake haikuwa na ubishi.

"Haikazi," mama mdogo akamtafsiria mzee.

"Nilisemaje?" Babu Spana alisema.

Injinia akaagiza stoo ifunguliwe. Zikaja bolti na nati mpya. Injinia akampa mzee spana yake mwenyewe. Babu Spana akaitoa bolti ya zamani, akapachika mpya, akaanza kuzungusha. Nati ikashuka, ikagusa chuma, ikalia, ikasimama. Injinia akamtazama mama mdogo, akisubiri neno. Mama mdogo aliendelea kuutazama mkono wa mzee. Babu Spana akavuta mara moja tena kwa uzito wake wote. Nati haikusogea.

"Imekaza," alisema.

"Nǐngjǐn le," mama mdogo akasema, na Injinia akamwita kijana wa zamu aje awashe boila.