Malori Yaliyosubiri Barafu

Asubuhi ya kikao chetu na msafirishaji nilikuta lori limeegeshwa nje ya geti la kiwanda, milango ya nyuma ikiwa wazi, na vibarua wakishusha samaki ambao hakuna aliyewataka. Lilitakiwa kufika jana yake alasiri. Mdhibiti wetu wa ubora, dada mmoja mkali aliyesomea mambo ya samaki, aliinua shavu la sangara mkubwa akanionyesha. Matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo. Alibonyeza nyama kwa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Mzigo mzima?" nikamuuliza.

"Mzigo mzima. Nani atanisainia hii iende Ulaya? Waite wachuuzi wa soko la Mwaloni waje wachukue wakakaange."

Hiyo ilikuwa mara ya nne au ya tano tangu mvua zianze, na mimi ndiye niliyekuwa ofisa ugavi. Samaki wakifika wamelegea, simu ya kwanza ilipigwa kwangu.

Kazi ile niliipata baada ya chama kikuu cha ushirika kunipunguza. Ushirika ulipoanza kufa, tulikuwa tukikaa ofisini bila kazi, tukiangalia wanunuzi binafsi wa pamba wakipita na magari yao kuelekea vijijini kwetu, hadi siku tuliyoambiwa tusirudi tena. Kiwanda cha samaki kiliponichukua, mke wangu alilia kwa furaha. Mimi pia niliamini nimevuka. Mji mzima wa Mwanza ulikuwa ukizungumza habari za minofu na ndege za mizigo, kana kwamba ziwa lilikuwa limeumbwa juzi.

Msafirishaji wetu alikuwa mama mmoja wa mjini, mjane, wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara Mwanza tangu enzi za babu zao. Marehemu mumewe alikuwa na malori yaliyobeba pamba ya ushirika. Pamba ilipochukuliwa na watu wenye magari yao, mama aliyavua malori yale mabodi ya mbao, akayafungia maboksi ya bati yenye kuta nene za kuzuia joto, akaja kwetu kuomba kazi ya kuleta samaki kutoka mialo, kule wavuvi wanakoshushia, ya upande wa Magu. Nilimpendekeza mimi. Malori yalikuwa ya zamani, lakini yeye mwenyewe nilimfahamu tangu siku za ushirika, na hakuwahi kunidanganya.

Alifika kikaoni amevaa baibui nyeusi, kandambili zake zikiwa na tope la Mkuyuni, ambako ndiko alikolaza malori yake. Nilisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeniitia kunifukuza?"

"Tumekuitia tuzungumze, mama."

Meneja wetu mkuu, aliyeletwa na wenye kiwanda kutoka Dar es Salaam, hakupenda maongezi ya kuzunguka. Alikaa mwisho wa meza, akasema kwamba mkataba unataka lori lifike kabla ya saa tisa alasiri, na kwamba kwa muda mrefu sasa malori yanafika jioni, mengine kesho yake. "Samaki hawasubiri, mama. Mimi nataka kujua tatizo ni nini na litakwisha lini."

Mama hakujitetea haraka. Alianza na makosa yake. Lori moja pampu yake ya dizeli ilikuwa imechoka, ikizimika kila mlima. Mipira ya milango ya maboksi mawili ilikuwa imechanika, baridi ikivuja. Na madereva, alisema huku akitazama mikono yake, walikuwa wakipakia abiria kwenye kabini na magunia juu ya boksi, wakisimama njiani Kisesa kushusha na kupakia kana kwamba ni basi. "Hayo ni yangu. Siyakatai."

Meneja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nilidhani mama ameshamaliza.

"Lakini na nyinyi mniambie," mama akaendelea. "Malori yangu yanafika hapa getini alfajiri kuchukua barafu ya kupeleka mwaloni. Yanaondoka saa ngapi?"

Sote tulijua jibu. Mtambo wetu wa barafu ulitegemea umeme wa shirika, na umeme ulikuwa ukikatika karibu kila usiku. Yalipofika malori, barafu ilikuwa haijaganda. Yalisubiri hadi saa nne, wakati mwingine hadi saa sita mchana. Dereva hawezi kwenda mwaloni bila barafu. Akienda, atapakia samaki wa moto, watakaooza kabla hajafika Kisesa.

Mdhibiti wa ubora ndiye aliyesema. "Ni kweli, bosi. Mzigo wa jana lori liliondoka hapa mchana. Pampu ikaharibika baadaye, lakini hata isingeharibika, lisingewahi."

Nilimpenda dada yule siku ile. Na mimi nikaongeza kwamba nilishaomba jenereta la mtambo wa barafu mara kadhaa. Meneja akasema, kwa sauti ya mtu mwenye haki, "Sawa. Basi kila upande ubebe mzigo wake."

Tukakaa hadi adhuhuri tukipanga. Mama atabadilisha pampu na mipira ya milango. Ataweka lori moja la akiba Mkuyuni, likiwa na dereva tayari, ili lori likiharibika njiani jingine litoke kulifuata. Abiria na magunia marufuku. Dereva atakayekamatwa ataachishwa kazi. Kule mwaloni Magu, wakala wetu ataandika saa lori lilipofika na saa lilipoondoka, na dereva atasaini, ili ucheleweshaji ujulikane umetokea wapi. Sisi tutatoa barafu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na ndani ya mwezi mmoja tutafunga jenereta. Tutakutana kila Jumamosi kupima maendeleo. Mwisho wa miezi miwili, kama malori bado yanachelewa, mkataba utavunjwa.

"Yanachelewa kwa kosa la nani?" mama akauliza.

"Tutaangalia," meneja akasema.

Nilitaka iandikwe wazi: kwa kosa la msafirishaji. Meneja akasema hayo ni maneno ya wanasheria, sisi ni watu wa kazi. Tukapeana mikono.

Mama aliuza fremu ya duka ya marehemu mumewe kule Kirumba. Nilizijua habari hizo kwa watu, hakuniambia mwenyewe. Pampu mpya ikaja kutoka Nairobi. Fundi akalala gereji. Dereva mmoja aliyekutwa Kisesa na wanawake wawili na matenga ya nyanya kabini aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, ingawa alikuwa mtoto wa dada wa marehemu mumewe, na ukoo mzima ulikuja juu.

Na malori yakaanza kuwahi. Kuna wiki nzima ambayo umeme haukukatika, mvua ikapungua, na kila siku alasiri niliona boksi la bati likiingia getini jua likiwa bado juu. Mdhibiti alikuwa akifungua milango, moshi wa baridi ukitoka, samaki wakiwa wamelala ndani ya barafu wakiwa wagumu kama magogo, macho yaking'aa. Alinicheka kwa sababu nilisimama pale kuangalia wakati sikuwa na kazi ya kufanya pale. Jumamosi ile mama alileta kahawa na kashata kikaoni.

Jenereta lilifika kabla ya mwezi kwisha. Nilishuhudia likishushwa kwa winchi. Asubuhi yake nikakuta mafundi wanalifunga upande wa chumba cha kugandishia minofu, si kwenye mtambo wa barafu. Nilikwenda ofisini kwa meneja mbio mbio.

"Wenye kiwanda wameamua," akasema bila kuinua macho. "Minofu iliyoganda ndiyo fedha. Barafu tutaitafutia njia nyingine."

"Njia ipi, bosi? Tulikubaliana."

"Umeme utatulia."

Umeme haukutulia. Malori yakarudi kusubiri getini, madereva wakilala chini ya malori yao, mama akipiga simu ofisini kwangu kila asubuhi: "Mwanangu, barafu?" Nami nikijibu, bado mama. Katika vikao vya Jumamosi nilionyesha saa zilizoandikwa mwaloni: lori linapakia haraka, linarudi bila kusimama, muda wote unapotea hapa kwetu. Meneja aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye akaacha kuja, akimtuma karani wake. Baadaye vikao vyenyewe vikafa.

Miezi miwili ilipotimia, meneja aliitisha kikao cha mwisho. Mama alikuja na binti yake, labda alishahisi. Meneja alizungumza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angefoka. Alisema kampuni moja ya Dar imeleta magari mapya yenye mashine za kupoza, na wenye kiwanda wameshakubaliana nayo.

"Mimi nimetimiza yote," mama akasema. "Waulize watu wako, wako hapa hapa."

"Ametimiza," nikasema. "Ucheleweshaji ni wetu, bosi."

Mdhibiti naye akasema hivyo hivyo.

"Najua," meneja akajibu. "Mteja wa Ulaya hataki kujua barafu ni ya nani. Anaona mzigo umechelewa. Gari lenye mashine yake halihitaji barafu nyingi kutoka kwetu. Ndio biashara ilivyo siku hizi, mama, tusilaumiane."

Neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake. Angeweza kusema vile siku ya kwanza. Badala yake tulimwacha mwanamke auze duka lake ili atimize makubaliano ambayo sisi wenyewe hatukuwa na nia ya kuyatimiza.

Mama alifunga pochi yake. Hakulia wala hakulaani. Alinigeukia mimi, si meneja. "Madereva wangu waombee kazi kwa hao wapya. Wana watoto."

Nilimsindikiza hadi getini. Nilitaka kumwambia kwamba nitaacha kazi. Sikusema, na yeye angejua ni maneno tu. Karo za wanangu zilitoka pale, na mjini watu waliopunguzwa na ushirika walikuwa bado wanazunguka na vyeti mkononi. Binti yake alimshika mkono wakavuka barabara.

Niliwaombea madereva. Kampuni mpya ilimchukua mmoja, kijana kuliko wote. Wengine waliambiwa ni wazee, hawajui magari ya kisasa. Malori ya mama yalikaa Mkuyuni msimu mzima, halafu yakauzwa moja moja kama vyuma chakavu, na boksi moja la bati nikaliona baadaye kando ya barabara, limetobolewa dirisha, mtu akiuza sabuni na mafuta ya taa ndani yake. Nilisimama nikanunua sabuni ambayo sikuihitaji. Muuzaji aliniuliza kama kuna kingine ninachotaka. Nikamwambia hapana, nikaenda kazini.