Shilingi za Mifuko Mitatu

Mimi niliishia darasa la nne, na leo wenye digrii wananiandikia barua za kuomba kazi. Lakini siku moja nusura nirudi sokoni Mkuyuni kupima dagaa kwa kopo.

Ilikuwa miaka ile soko huria limefunguka na viwanda vya minofu ya samaki vinaota ufukweni. Kimoja kilinipa kazi ya ununuzi, kikanituma Kisumu na Kampala kutafuta vipuri vya mashine ya barafu. Nilipewa masurufu yenye thamani ya shilingi 164,000 zetu, sehemu Tanzania, sehemu Kenya, sehemu Uganda. Nikarudi na meli, karatasi zangu zote mifukoni, nikamkabidhi mhasibu, binti mpya kutoka Dar, pamoja na pesa zilizobaki.

Akazimwaga karatasi mezani, akaanza kubonyeza kalkuleta.

"Kaka, umetumia 139,300. Unatakiwa urudishe 24,700. Umeniletea za 19,700 tu. Elfu tano ziko wapi?"

Meneja alikuwa chumba cha pili, na wote tulijua sheria yake: ukila masurufu, hata kidogo, unaondoka siku hiyo hiyo.

"Rudia, dada."

"Nimerudia mara mbili. Ni hesabu ya kujumlisha tu, au nayo hukuifikia shuleni?"

Tukasikia kiti cha meneja kikisogezwa. Nikaishika bili iliyokuwa juu kabisa, ya hoteli. Imeandikwa Sh 60,000. Chini yake nyingine, Sh 2,400.

"Hii Sh ni ya nani?"

"Shilingi ni shilingi."

"Za nani, dada? Nchi zote tatu zina shilingi!"

Mimi, bila kujua Kiingereza cha zile karatasi, nilikuwa nimezitia mifukoni kwa nchi: Kenya kushoto, Uganda kulia, zetu kifuani. Yeye alikuwa amezichanganya. Nikazigawa upya, mafungu matatu, na kila fungu nikaweka hoteli peke yake, tiketi peke yake, hati za posho peke yake. Nilizijua kwa rangi na mihuri.

"Jumlisha sasa."

Zetu, 14,000, tiketi na posho tu. Kenya, 5,300. Uganda, 120,000. Akazidisha ya Kenya kwa kumi na moja, ya Uganda akaihesabu kwa senti sitini kila shilingi, viwango vilevile vya duka la fedha tulikobadilishia.

"144,300," akasema polepole.

Akatoa kwenye 164,000. Zikabaki 19,700.

Meneja akaingia. "Vipi, yule wa Kampala amefunga hesabu?"

Binti aliniangalia, na mimi nikamwangalia. Angeweza kusema lolote.

"Amefunga, mzee. Hesabu yangu ndiyo ilikuwa na kosa."

Meneja akasaini, akatoka. Binti akachukua kalamu nyekundu, akaandika T, K au U kwenye kila karatasi, moja moja, bila kuniangalia.

"Kaka, shule umesomea wapi?"

"Mkuyuni sokoni, dada. Ada yake kali."