Video ya Mama na Dagaa Zangu

Ninauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Wateja wangu wengi wako Misungwi, na hawanunui kwa maneno. Wanataka video. Nachota dagaa konzi moja, naiinua, naiachia taratibu karibu na simu ili mteja asikie mlio. Dagaa kavu ina mlio wake, mkavu kama majani. Iliyonyeshewa haisemi kitu. Kwa hiyo kila gunia linalotoka kwangu limerekodiwa kwanza, na sikuwahi kufikiri kwamba video hizo zinakaa mahali.

Wiki moja simu ilianza kukataa. Nikibonyeza kurekodi, inaandika nafasi haitoshi. Nilikaa jioni nikafuta picha nyingi, nikaangalia tena, nafasi ile ile. Nikajilaumu kwamba nimebonyeza vibaya, maana mimi darasa la saba nilimaliza kwa shida na simu nilifundishwa na watoto wangu, ambao nao walijifunza wenyewe.

Kufuta kulinitia hofu kwa sababu moja. Ndani ya simu kulikuwa na video ya mama yetu, niliyomrekodi nyumbani Sengerema kabla hajaanza kuumwa. Amekaa kwenye mkeka anachambua dagaa. Ni ndefu. Nilikuwa nayo mimi tu. Dada yangu mkubwa, anayeishi kule kule Sengerema, wakati ule alikuwa safarini, hakuwahi kuiona. Jumamosi ile alikuwa anavuka ziwa kuja kwangu kwa ajili ya ibada ya kumkumbuka mama, na alikuwa amenipigia zaidi ya mara moja kuniambia, "Ile video usinitumie kwa mtandao. Nakuja kuiona kwa macho."

Kadi ya kumbukumbu nilikuwa nayo. Dada mwenyewe aliniletea safari iliyotangulia, aliinunua kwa mchuuzi njiani, imeandikwa gigabaiti sitini na nne. Nikaichukua nikaenda kwa fundi simu mwenye meza karibu na uwanja wa mpira. Ni mtu mzima, rika langu, ananitania siku zote kwamba nanukia ziwa.

"Leo umeniletea dagaa au simu?" aliniuliza.

"Simu. Imeshiba."

Alifungua sehemu ya hifadhi akaamuru mafaili yapangwe kuanzia makubwa. La kwanza kabisa lilikuwa mama. Nilimwona kwenye kipicha kidogo, kitambaa chake cha kijani kichwani.

"Mzigo wenyewe huu hapa," fundi alisema. "Tuuhamishie kwenye kadi, umemaliza."

Nilimwomba asihamishe. Nilisema anakili kwanza, ya kwenye simu ibaki, tufungue ile ya kwenye kadi tuone inacheza, ndipo tufute. Hata gunia nikilipeleka Misungwi silihesabu limefika mpaka aliyelipokea alifungue anipigie. Fundi alisema ninachelewesha wateja wake. Alikuwa na haki, watu wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu. Lakini alinakili.

Alianza na picha za zamani, halafu video ya mama ikafuata mwisho. Ilionekana kwenye kadi kwa jina lake na ukubwa wake kamili. Alipoibonyeza haikufunguka. Akajaribu picha. Za kwanza zilifunguka vizuri, za katikati zilikuwa nusu picha na nusu kijivu, za mwisho hazikufunguka kabisa.

Fundi aliichomoa kadi. Akatoa kadi nyingine ya kwake, akanakili mama huko, na video ikacheza vizuri. Akairudisha ya kwangu mkononi mwangu.

"Kadi hii imedanganya ujazo wake. Ndani ni ndogo, ila imepangwa ijitangaze sitini na nne. Ikishajaa kweli inaendelea kupokea, lakini inachopokea hakipo."

Halafu akaongeza, "Ningehamisha, mama angekwenda."

Nimejiuliza mara nyingi kama ile ilikuwa akili yangu au woga tu. Nadhani ni woga. Na fundi nisimseme vibaya, kadi nyingi huhamishiwa vitu kila siku na vinafika. Wala mchuuzi simjui. Labda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Kadi nyingine sikununua siku ile. Fundi alifuta mama kwenye ile ya kwake mbele ya macho yangu, tukarudi kwenye simu kutafuta nafasi humo humo. Kwanza alinionyesha zile picha nilizofuta nyumbani. Zilikuwa bado zipo, zimekaa kwenye takataka za simu zikisubiri mwezi uishe. Akazimwaga. Halafu akaingia kwenye programu ya video fupi ninayoangalia nikikosa wateja. Yenyewe ilikuwa imejiwekea mabaki mengi sana ya vitu nilivyokwisha kutazama. Akaniachia nibonyeze mwenyewe nifute mabaki hayo. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha pili.

"Acha hicho," alisema. "Hicho kinafuta kila kitu, utatakiwa ujiunge upya. Bonyeza cha mabaki tu."

Mwisho alifungua mahali WhatsApp inapoweka vilivyotumwa. Hapo niliinamia simu. Zilikuwa video za konzi yangu. Mkono unainuka, dagaa zinaanguka. Mkono unainuka, dagaa zinaanguka. Kila moja ndogo, ila nyingi kuliko nilivyoweza kupitisha kidole, na kila moja ilikuwa mara mbili: ile niliyorekodi, iliyo kwenye kamera, na nakala yake iliyobaki baada ya kutuma. Zikijumlishwa zilikuwa zimemzidi mama kwa mbali sana. Na mimi nilikuwa nimeamini yeye ndiye aliyejaza.

Nilizifuta zote. Magunia yenyewe yalikuwa yameshaliwa. Mama nilimwacha palepale alipokuwa.

Jumamosi dada alifika na ndizi. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajakaa aliuliza, "Kadi yangu inafanya kazi?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikafikiri ataendelea kununua pale pale, nikamwambia ukweli wote.

"Kwa hiyo nilikuletea kopo tupu," alisema.

"Halikuwa tupu. Lilikuwa dogo."

"Usinipambe. Ningempoteza mama kwa mkono wangu." Alisema hivyo huku akimenya ndizi, hakuinua macho.

Tukaangalia. Mama anachambua, anapuliza mchanga, anatupa zilizovunjika pembeni. Kwa muda mrefu hasemi kitu. Halafu anageuka, "Zima hicho kitu, unamaliza chaji bure." Ila mimi sikuzima. Anachota konzi, anaiinua sikioni kwake, anaiachia. Sikuwa nakumbuka kwamba hilo limo.

Dada aliirudisha nyuma akaangalia tena hapo. "Kumbe ndiyo unavyofanya wewe," alisema.

"Sijui. Labda nilimwiga."

"Nipe na mimi niwe nayo. Wewe ukiangusha simu ziwani tutafanyaje?"

Tukaweka simu mbili pamoja mezani ili mama apite moja kwa moja bila mtandao. Simu ya dada ilitafakari, halafu ikaandika nafasi haitoshi.

Dada alivuta kiti, akanipa simu yake.

"Haya fundi," alisema. "Anza na makubwa. Ila usifute kitu kabla hujaniuliza."